Noti ya Ishirini ya Mzee Kaunta

Mtaani Mpopoma, mjini Bulawayo, Elphas Mlotshwa hakuitwa kwa jina lake. Watoto, wakubwa, hata mchungaji wa kanisa lake, wote walimwita Mzee Kaunta, kwa kuwa alikaa nyuma ya kaunta ya benki miaka ishirini na saba akihesabu pesa za watu. Pensheni aliyotoka nayo ililiwa na mfumuko wa bei mpaka ikawa haitoshi kununua sanduku la viberiti, lakini jina halikuliwa na kitu. Lilibaki, naye akalivaa kama watu wengine wanavyovaa koti la Jumapili.

Nchi ile watu walikuwa wakinunua na kuuza kwa dola za Amerika, na kwa randi za Afrika Kusini pale chenji ilipokosekana. Dola zilikuwa zimezunguka miaka mingi bila kwenda kwao kupumzika. Zilijaa jasho, zikapauka, zikatoboka kwenye mikunjo. Makondakta walizikataa, wenye maduka walizikataa, na mtu aliyepewa noti mbovu alibaki nayo kama aliyepewa mtoto wa mwenziwe. Ndiyo maana watu walikwenda kwa Mzee Kaunta. Akikaa barazani na miwani yake, walimletea noti, naye aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaisugua kidogo shingoni pa yule mtu aliyechorwa, akaiinua juani.

"Hii inapita," alisema. Au, "Hii ni ya kichwa kidogo, toleo la zamani. Pesa ni halali, lakini nani atakupokelea? Irudishe kwa aliyekupa leo hii hii, kabla hajakusahau."

Hakutoza kitu. Malipo yake yalikuwa kule kuulizwa.

Basi mwezi wa nane mwaka ule, binti yake Thenjiwe, anayesuka nywele Johannesburg, alimtumia blanketi kwa mkono wa msafirishaji mizigo. Kwenye simu alisema, "Baba, angalia pindo, upande wenye uzi mwekundu. Nimekushonea dola ishirini humo. Mjomba akija asikose kitoweo."

Mjomba huyo alikuwa kaka wa mkewe Mzee Kaunta, MaTshuma, na alikuwa anakuja kutoka Lupane na watu wake wanne kwa ajili ya kumbukumbu ya mama yao. MaTshuma alikuwa na wiki nzima akiwaza atawapikia nini.

Blanketi lilifika Jumanne. MaTshuma alikuwa kisimani nyuma ya kanisa, maana bomba lilikuwa halijatoa maji tangu Jumamosi. Mzee hakumngoja. Alichukua wembe wake wa kunyolea, akakaa kitandani, akaanza kulifumua lile pindo. Uzi ulikuwa mgumu. Akavuta, akakata, akavuta tena, na mara wembe ukateleza ndani ya kitambaa kwa sauti ndogo sana, sauti ya karatasi.

Alijua kabla hajatazama. Alipoitoa, noti ilikuwa vipande viwili, kimoja theluthi, kingine theluthi mbili, mkato wake umenyooka kama wa mashine.

MaTshuma aliporudi na ndoo kichwani alimkuta amekaa palepale.

"Imefika?"

"Imefika," alisema mzee. "Lakini imechanika. Hawa wasafirishaji hawana adabu, wanakalia mizigo ya watu."

Lilikuwa neno dogo, likamtoka kirahisi. Mkewe aliitazama noti, akautazama wembe kitandani, kisha akaenda kumimina maji.

Kesho yake mzee alivaa suti yake ya kijivu, akaenda mjini. Hakwenda kwenye benki aliyoifanyia kazi, kwani ilikuwa imekwisha fungwa. Alikwenda kwenye benki nyingine, yenye sakafu ya kung'aa na kiyoyozi. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alisimama mama mmoja na mfuko wa sarafu za randi ulionyoosha mkono wake kwa uzito. Mzee alijua watamwambia nini, akamwonea huruma kwa mbali, kama daktari anavyomwonea huruma mgonjwa wa mwenzake.

"Mama, sarafu hatupokei," karani alisema. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kucha ndefu, macho yamechoka. "Hizo ni za Afrika Kusini, hatuna pa kuzipeleka. Jaribu wenye maduka."

"Wenye maduka wamesema nije benki."

"Samahani, mama. Anayefuata."

Mzee Kaunta akasogea. Akaviweka vile vipande viwili juu ya kaunta, amevipanga vizuri, uso juu, pengo lisilozidi unywele.

"Habari za asubuhi, binti. Noti hii imekatika. Namba ya juu kushoto na ya chini kulia ni moja, unaweza kuzisoma. Hakuna kipande kilichopotea. Naomba kubadilishiwa."

Karani hakuvigusa. "Babu, iliyochanika hatuchukui."

"Haikuchanika, imekatika. Na hata ingechanika, kanuni ni kwamba ikibaki zaidi ya nusu ya noti, mwenye nayo alipwe thamani yote. Hapa haikubaki nusu, imebaki nzima."

"Kanuni ya wapi, babu?"

"Ya benki! Nimekaa upande huo uliokaa wewe miaka ishirini na saba, binti yangu. Nimebadilisha noti zilizoliwa na panya, zilizoungua, zilizotolewa kwenye tumbo la mbuzi!"

Nyuma yake mtu akacheka. Karani akapunguza sauti, na hapo ndipo alipomuumiza zaidi, kwa kuwa alisema kwa upole.

"Babu, zile zilikuwa pesa za nchi. Mlizikusanya mkazipeleka Benki Kuu, wakawapa mpya. Hii si yetu. Nikiipokea, lazima isafirishwe mpaka Amerika, na gharama ya kusafirisha ni yetu. Mteja wa pili nikimpa hii hataichukua. Ukiiweka kwenye akaunti yako, nitamtolea nani?"

"Lakini serikali yao inailipa! Imeandikwa!"

"Basi ipeleke kwao, Mzee," sauti ya kijana ikasema kutoka katikati ya foleni. "Ukifika utusalimie!"

Foleni nzima ikacheka, na yule mama wa sarafu pia akacheka, mkono mdomoni. Mzee Kaunta aliomba kumwona meneja. Meneja akaja, amesimama mlangoni mwa ofisi yake, simu sikioni, akatazama vile vipande kutoka hatua tatu, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Mzee aliviokota. Kimoja kiling'ang'ania kwenye kioo cha kaunta, akakikwangua kwa ukucha huku watu wanamngoja. Akakumbuka sura moja ambayo hakuwahi kuikumbuka: bibi mmoja wa Nkayi, zamani sana, aliyemletea noti zilizooza chunguni. Zilikuwa chini ya nusu. Alimwambia, "Hizi ni takataka, bibi, katupe," akagonga muhuri kwenye karatasi za mteja mwingine. Kanuni ilikuwa upande wake siku ile. Bibi yule alizikusanya polepole hivihivi, akaondoka.

Nje, karibu na stendi, alikaa mtu aitwaye Gibson juu ya ndoo ya rangi. Kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makaa kilisema: NANUNUA DOLA ZILIZOCHANIKA, VICHWA VIDOGO, ZILIZOANDIKWA.

"Leta, baba, nione." Gibson aliviunganisha vile vipande kwenye goti lake. "Safi. Namba zote zipo. Nakupa kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Hii ni ishirini!"

"Ni ishirini ukiwa Amerika. Hapa stendi ni kumi na mbili. Na mimi nina mtu wa kumpelekea, naye ana mtu wake, kila mmoja lazima ale. Haya, kumi na tatu, kwa ajili ya suti yako."

Mzee Kaunta aliviweka mfukoni. Hakuweza kuona atamwambiaje MaTshuma kwamba yeye, yeye, ameuza ishirini kwa kumi na tatu kwa mtu anayekaa kwenye ndoo.

Alhamisi alishinda ndani. Alipika gundi ya unga wa ngano, nyepesi, akaichuja kwa soksi. Alichukua karatasi ya kusokotea sigara, ile nyembamba kama ngozi ya kitunguu, akakata ukanda usiozidi upana wa uzi wa kiatu. Alivikutanisha vipande chini ya miwani, mstari na mstari, akaubandika ule ukanda mgongoni, akaukandamiza kwa kijiko. Akaufifisha kwa majani ya chai. Akapasha pasi ya makaa, akatandika kitambaa, akapiga pasi. Kisha akaikunjakunja noti mkononi ili mkato uonekane mkunjo mmoja kati ya mingine. Na niseme kweli, kwa ile saa moja aliyoifanya kazi ile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Mikono ilikuwa haijasahau.

MaTshuma alisimama mlangoni akipepeta mtama.

"Baba Thenjiwe, hiyo sasa ni ya kutundika ukutani. Si ya kumpa mtu."

"Nani kasema nampa mtu?"

"Mimi sijasema. Ninauliza tu, kuku tutawanunua kwa pesa gani?"

Akaikunja noti, akaitia mfukoni.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa MaHadebe, nyumba ya nne kutoka kwake. MaHadebe alikuwa mjane aliyefuga kuku wa nyama uani, mia kwa zamu, na kwa kuku hao alisomesha wajukuu wawili. Alikuwa miongoni mwa watu waliomwendea Mzee Kaunta na noti karibu kila wiki. Siku hiyo alimkuta ameinamia beseni la maji ya moto, mikono imejaa manyoya mpaka kwenye viwiko.

"Karibu, baba! Leo wageni wanakula vizuri, nimesikia. Kuku wangapi?"

"Watatu, mama."

"Kumi na nane. Ngoja, nitakuchagulia wazito." Akawakamata, akawafunga miguu. Kisha akaonyesha kwa kidevu kopo la maziwa ya unga lililokuwa dirishani. "Pesa weka mwenyewe, baba, nami mikono yangu unaiona. Chukua na chenji yako, mbili."

"Hutaki kuitazama noti?"

Alisema hivyo, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alisema. Labda alitaka azuiliwe.

MaHadebe alicheka mpaka akakohoa. "Nikutazamie wewe noti? Si ndiyo sawa na kumwonjea samaki maji! Ikitoka kwako, baba, mimi niitazamie nini?"

Mzee Kaunta alifungua kopo. Mlikuwa na noti nyingi, zimekunjwa pamoja. Angeweza kuiweka juu. Hakuiweka juu. Aliziinua nyingine, akaichomeka katikati, akachukua dola zake mbili, akafunika kopo, akachukua kuku.

Mjomba alikuja na watu wake, wakala, wakasifu. MaTshuma aliwagawia wageni minofu, akaila sahani yake ya ugali na mboga za kukausha bila nyama. Mumewe aliona.

Jumamosi saa nane mchana mzee alikuwa barazani na mjomba pamoja na majirani wawili, wakizungumzia mvua, MaHadebe alipoingia getini. Alitembea haraka, kitambaa cha kichwa kimelegea. Hata salamu alizimeza nusu.

"Baba, nimekuja kwako. Tazama nilichofanyiwa."

Akafungua kiganja. Noti ilikuwa imeachana sehemu ya juu, ule ukanda wa karatasi umeinuka kama gamba la kidonda.

"Nilikwenda dukani kuchukua vifaranga vyangu, nilikuwa nimeviandikisha tangu mwezi uliopita. Nimetoa pesa zote mezani, kamili. Yule kijana anahesabu, anafika hii, anaikunja hivi, inafunguka mbele ya watu! Akaniuliza, 'Mama, hii umeitengeneza nyumbani?' Mimi! Wakamwita mlinzi, baba. Mlinzi akanishika hapa," akashika mkono wake juu ya kiwiko. "Nikawaambia mimi sijui. Wakaniacha. Lakini vifaranga wamempa mwingine, kwa kuwa pesa haikutimia, na watu wanapanga foleni kuvigombania. Mpaka mwezi ujao sina kuku."

Mzee Kaunta alikuwa ameipokea noti. Hakukumbuka kuipokea, ila aliikuta mkononi. Mjomba akainama kuitazama.

"Lo! Kazi ya fundi hii," mjomba akasema. "Mtu kakaa chini akaifanya."

"Si ndiyo!" MaHadebe akasema. "Na mimi najua ni nani. Ijumaa walionipa ishirini ni watu wawili tu. Wewe, baba, na Mbongeni. Basi wa kuuliza ni nani?"

Mbongeni alikuwa mziba pancha wa pale kona, mtu wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa amekaa miezi minane jela ya Francistown, nchi jirani, kwa kuvuka mpaka bila karatasi, na tangu arudi, kila kuku aliyepotea mtaani alipotelea kwake.

"Nimepita kwake nikija," MaHadebe akaendelea. "Nimemwambia mbele ya wateja wake wote: wewe ni mwizi, na mama yako alizaa mwizi. Anaapa, eti yake ilikuwa nzima. Nataka wewe useme, baba. Wewe ndiye unayejua. Hii inaweza kuwa ilikuwa hivi tangu Ijumaa na mimi nisione?"

Wote walimtazama. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na kelele za sufuria zikanyamaza ndani.

"Inaweza," alisema Mzee Kaunta. "Ikiwa imebandikwa vizuri, inaweza."

"Unaona!"

"Niachie. Nitaitazama kwa utulivu."

"Mungu akubariki, baba. Bila wewe mtaa huu tungekuwa vipofu."

Akaondoka. Mjomba akaendelea na habari za mvua.

Jumapili kanisani Mzee Kaunta alikaa safu ya tatu, mahali pake. Mama yake Mbongeni, bibi mfupi mwenye goti bovu, alikuwa na desturi ya kukaa katikati ya wanawake wenye sare. Siku hiyo alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, peke yake. Alipoinuka kwenda kutoa sadaka, wanawake wawili walitazamana. Bibi aliona. Akatoa, akarudi, akaweka mikono mapajani, akainamisha kichwa mpaka ibada ikaisha. Mzee hakusikia neno moja la mahubiri.

Nyumbani MaTshuma alimwekea chai, akakaa mbele yake.

"Mwanamke yule amesema mama wa watu alizaa mwizi."

"Nimesikia."

"Mimi nilinyamaza kwa sababu wewe ni mume wangu, na kaka yangu alikuwepo. Lakini kaka yangu ameondoka leo asubuhi."

"MaTshuma, nikisema, nitabaki na nini hapa mtaani?"

"Sijui," alisema mkewe. "Ila hata usiponiambia mimi kwamba ni ule wembe, bado najua. Humu ndani umebaki na nini kwangu?"

Alikuwa akijua tangu Jumanne. Mzee aliweka kikombe chini.

Jumatatu, jua limepanda kidogo, alikwenda kwa MaHadebe. Mabanda ya kuku yalikuwa matupu, naye mjane anayafagia. Mzee alibeba noti ile na randi mia tatu na sabini, thamani ya dola ishirini, alizokuwa ameziweka kwa ajili ya umeme na dawa yake ya presha.

"Ilikuwa yangu," alisema. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, ya utangulizi, ya maelezo. Yote yalimkimbia. "Noti ni yangu. Niliikata mwenyewe kwa wembe. Benki waliikataa. Nikaibandika, nikaiweka kwenye kopo lako, katikati, ili usiione."

MaHadebe aliendelea kufagia mara mbili tatu, kama mtu ambaye masikio yake yako nyuma ya mikono. Kisha akasimama. Kwanza alicheka kidogo, cheko la kutoamini. "Baba, usimfunike yule kijana. Najua una huruma..."

"Simfuniki. Ni mimi."

Cheko likafa. Mzee angependa amtukane. MaHadebe alimtazama tu kuanzia viatu mpaka miwani, polepole.

"Uliniuliza kama nataka kuitazama," alisema mwishowe.

"Nilikuuliza."

"Nami nikacheka." Akautupa ufagio. "Mlinzi yule alikuwa na umri wa mjukuu wangu. Lakini hilo liache. Jumamosi nilikuja kwako! Ulikuwa umeishika mkononi! Nimekwambia nimemtukana mama wa mtu, na wewe ukaniambia nini? 'Niachie niitazame kwa utulivu'!"

"Nisamehe, mama."

"Randi zako nitachukua, kwa kuwa ni haki yangu. Msamaha usiniombe mimi kwanza. Twende."

"Wapi?"

"Unajua wapi. Na usipite njia ya nyuma."

Wakatembea, MaHadebe mbele na yeye nyuma, katikati ya mtaa. Watu waliwasalimia, wakaona sura zao, wakafuata kwa macho. Mbongeni alikuwa amechuchumaa juu ya tairi la baiskeli, mpira ndani ya maji, akitafuta tundu. Wateja watatu walikaa kwenye benchi. Mama yake alikuwa kivulini anachambua maharage.

"Mbongeni," MaHadebe akasema, sauti kubwa ileile aliyomtukania, "Jumamosi nilikuita mwizi. Nilikosea. Mama, nilikutukana tumbo lako, nilikosea. Mwenye noti ni huyu hapa."

Mapovu yakatoka kwenye tundu la mpira, moja moja.

Mzee Kaunta alivua kofia. Alisema tena yale maneno, noti, wembe, gundi, kopo, na safari hii yalikuwa mazito zaidi, maana kila neno lilikuwa na watu sita wa kulisikia. Alipofika kwenye Jumamosi alikwama, akalazimika kuanza upya.

Mbongeni alifuta mikono kwenye suruali. "Kumbe wewe, Mzee Kaunta! Na mwezi wa tano uliniambia noti yangu ina doa la wino niirudishe nilikoitoa, usoni unanitazama kama nimeiba mimi."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Mbongeni hakucheka. "Mimi nimezoea," akasema. "Mtaa huu unaniita mwizi kabla ya kifungua kinywa. Lakini huyu," akaonyesha kwa kichwa kule kivulini, "jana amerudi kutoka kanisani hakula."

Mzee akamgeukia yule bibi, akapiga goti moja vumbini, akashindwa kuinuka vizuri. Bibi alimtazama, chembe ya maharage kati ya vidole.

"Inuka, baba. Utachafua suruali," alisema. Halafu akaendelea kuchambua. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Mchana ule alikwenda mjini. Gibson alikuwa juu ya ndoo yake. Aliipokea noti, akaipindua, akaukwangua ule ukanda, akapiga mluzi.

"Sasa ni kumi, baba."

"Ulisema kumi na tatu."

"Ilipokuwa imekatika. Sasa imebandikwa. Iliyokatika inasema kweli, iliyobandikwa mtu anaogopa, anafikiri ni bandia. Mtu wangu lazima ailoweke aitoe gundi yote." Akaisogeza karibu na macho. "Lakini nani kafanya hii? Mstari na mstari! Ni wewe?"

Mzee akaitazama mikono yake, na jibu likaonekana.

"Baba, njoo tufanye kazi," Gibson akasema kwa shauku ya kweli, akisogea kumpa nafasi kwenye kreti iliyokuwa pembeni yake. "Siyo kudanganya watu, hapana. Wananiletea vipande vitatu, vinne, mtu wangu anataka vimepangwa vizuri, namba zionekane. Mimi macho yangu mabovu. Nakupa dola moja kwa kila noti tano. Mikono kama hii inakaa nyumbani ya nini?"

Watu walikuwa wakipita kwenda kwenye magari yao. Mzee Kaunta alichukua ile kumi, akaikunja bila kuitazama, akamshukuru, akaondoka kwa miguu. Alinunua umeme wa dola tano na dawa ya wiki mbili badala ya mwezi.

Jioni, wakila, alimwambia MaTshuma kwamba amepewa kazi. Akamweleza kazi gani, na wapi, na malipo yake. MaTshuma aliangua kicheko, cha kwanza tangu Jumanne ile ya blanketi, mpaka akashika meza. Kisha akaiona sura ya mumewe, akanyamaza.

"Ulimwambiaje?"

"Nimemwambia asante, nikaondoka."

MaTshuma alimsogezea bakuli la mboga. Nje, mtu alipita getini akiongea kwa sauti, akafika usawa wa baraza lao, akapunguza sauti, akapita.

"Kula, baba," MaTshuma alisema. "Kinapoa."

Akala.